Mkono wa Solange

Solange hakuwa mtu wa kutetemeka. Asubuhi ile ya kwanza aliingia ofisi ya usafirishaji mizigo, mtaa wa Mbunya, kifua mbele, huku Tharcisse, mkuu wa wafanyakazi, akimtangulia kumtambulisha. Alikuwa amepewa miezi mitatu ya majaribio, na meza yake ilikuwa ubavuni mwa Mama Bernadette, karani mkongwe ambaye neno lake kwa directeur halirudi bure.

Hapa mjini Bunia ukiingia mahali, wewe unayeingia ndiye unayesalimu. Unapita meza kwa meza, kila mtu na mkono wake, hata kama mko ishirini. Mkubwa unamngoja akunyooshee wa kwake kwanza. Solange aliyajua hayo tangu utotoni kwao Gety. Basi Mama Bernadette akasimama kwa heshima zote, akanyoosha mkono, lakini Solange akaweka kiganja kifuani, akainama kidogo na kusema bonjour, mama.

Mkono wa mama wa watu ukabaki hewani.

Dady wa stoo akamtazama Tharcisse, Tharcisse akatazama viatu vyake. Kila mmoja alishasoma neno moja tu usoni pa mgeni: kiburi. Mama Bernadette akaurudisha mkono taratibu, akakaa.

Solange aliona alichofanya. Angeweza kunyamaza na kuanza kazi, lakini akiacha hivyo, angekula chakula cha mchana peke yake miezi yote mitatu, na wa nne asingeuona. Akabaki amesimama palepale.

“Mama, munisamehe. Haiko kiburi,” alisema. “Wakati ya Ebola nilitumika ku centre ya wagonjwa. Kule hatukukuwa tunagusana hata kidogo. Ugonjwa ilimalizika, lakini mukono yangu ingali inaogopa.”

Aliposema Ebola, Dady akaingiza mikono mifukoni. Kumbe sasa mambo yalikuwa yamegeuka: waliokuwa wamekasirika kwa kunyimwa mkono ndio walioficha ya kwao. Solange alijua macho yale. Wapangaji wenzake walikuwa nayo zamani, kila alipotoka kazini. Yalimuuma, lakini hakuinamisha kichwa. Wala hakunyoosha mkono, maana si mdogo anayeanza.

Mama Bernadette akainuka tena. Safari hii alizunguka meza, akaja hadi mbele yake.

“Mukwe yangu alifia ku centre,” alisema. “Siye ndugu hatukumugusa. Ni nyinyi njo mulimugusa, na magan yenu ya kuvaa mu mikono. Leta mukono, mutoto yangu.”

Solange akautoa, wa kushoto ukiushika wa kulia kwenye kiwiko, kama alivyofunzwa na mama yake. Mama Bernadette aliushika kwa mikono miwili na hakuuachia, hata Dady alipotoa yake mifukoni akaja kusimama nyuma, akingoja zamu.