Sherehe za Mahari na Bei ya Ndagala

Nilipokuwa asistanti wa takwimu katika taasisi moja ya Uvira, nilikuwa na ugonjwa wa kutunga maswali yenye mtego. Profesa alikuwa anashuka kutoka Bukavu, anamwaga somo haraka haraka, anapanda gari kurudi. Mazoezi, kusahihisha na lawama vilibaki kwangu. Lawama sikuzipenda, ila mitego niliipenda mno.

Mwaka ule niliweka katika mtihani jedwali nililolibuni mwenyewe. Upande mmoja kulikuwa na idadi ya sherehe za mahari zilizofanyika kila wiki katika mitaa ya kando ya ziwa, na upande wa pili bei ya ndagala, dagaa wa ziwa letu, sokoni katika wiki hizo hizo. Wanafunzi walitakiwa kukokotoa kipimo cha uhusiano, kisha waseme kinamaanisha nini. Kipimo kilitoka karibu kabisa na moja: wiki zenye sherehe nyingi ndizo zenye ndagala ghali. Hesabu yenyewe karibu wote waliipata. Walipofika kwenye kufasiri, walianguka mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikaa na kalamu yangu nyekundu nikicheka peke yangu kama mwehu.

Aliyeanguka kwa kishindo kuliko wote alikuwa mama mmoja wa benchi la mbele. Alikuwa amenizidi umri, anauza ndagala sokoni asubuhi, mchana anakuja darasani na kitenge kilichopigwa pasi. Aliandika kwamba kipimo hiki kimethibitisha kuwa sherehe ndizo zinazopandisha bei, na akashauri machifu wa mitaa wakataze mahari kwa miezi kadhaa ili wananchi wale. Nilimpa alama za kusema kwamba uhusiano ni mkubwa na unaelekea juu. Kwa neno "kimethibitisha" nilimpa sifuri, nikaizungushia duara. Kwa sifuri hiyo hakufikia nusu ya alama za somo, akabaki anaukodolea macho mtihani wa marudio.

Kwake marudio yalikuwa na uchungu wake. Binti yake alikuwa anasoma palepale, mwaka mmoja nyuma. Mama akishindwa na marudio pia, angerudia darasa, na mwaka mpya wa masomo ungewakuta mama na mwana kwenye benchi moja. Taasisi nzima ilishaanza kuwacheka, na mtu wa kwanza kucheka, nakiri, alikuwa mlinzi wa lango.

Mama alileta rekuru, yaani ombi la kusahihishiwa upya. Alilileta mwenyewe ofisini, akakaa bila kukaribishwa. Nilikuwa nimeona wanafunzi wakija na machozi, wengine na barua za wachungaji. Yeye alikuja na hasira tupu, na hasira yake ilikuwa safi.

"Minye niko nauzisha ndagala tangu weye uko mu shule ya msingi," alisema. "Kama kuko sherehe, bei inapandaka. Hiyo zero uliandika juu ya nini?"

Nilimwambia inawezekana kabisa yuko sahihi. Akashangaa, kwa sababu alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Nikaendelea: sikumpa sifuri kwa sababu anachosema ni uongo. Nilimpa kwa sababu jedwali lile haliwezi kukisema. Vitu viwili vikipanda pamoja, huenda cha kwanza kinakivuta cha pili. Huenda cha pili kinakivuta cha kwanza. Huenda kuna cha tatu kinachovivuta vyote viwili, na pengine ni bahati tu ya wiki chache. Kipimo ni kile kile katika hali zote hizo. Msahihishaji hawezi kumpa alama mtu aliyechagua moja kwa macho yaliyofumbwa, hata kama kwa bahati amechagua iliyo kweli.

Akaniambia cha tatu hakipo. Nami nikaona mlango umefunguka, nikaingia kwa furaha yangu mbaya. Nilimuuliza wavuvi wanapumzika lini.

"Mwezi ikiwa kubwa," alisema. Taa za mitumbwi hazivuti ndagala wakati ziwa zima limewaka mbalamwezi, kila mtoto wa huku anajua.

Nikamuuliza: na wajomba na kaka wavuvi, ambao bila wao mahari haijadiliwi, wanapatikana nyumbani lini?

Alitazama dirishani, akavuta kitenge chake. Hapo nilipaswa kunyamaza kama mtu mwenye adabu, lakini nilimaliza mwenyewe: mwezi ukiwa mpevu, mitumbwi inalala na ndagala zinaadimika, siku hizo hizo wanaume wako nyumbani na familia zinapanga mahari. Mwezi unaweza kupandisha vyote viwili bila sherehe kugusa bei hata kidogo.

Hakukubali upesi, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema sherehe inakula ndagala, hilo nalo ni la kweli. Nikamwambia basi alitafute pale mwezi usipoingilia: achukue wiki za giza peke yake, zile zenye sherehe nyingi na zile zisizo na sherehe, alinganishe bei. Alifikiri, akahesabu kitu kimoyomoyo. Kisha akasema polepole kwamba mwisho wa mwaka watu wanaoana hata katika giza, na ndagala zikiwa zimejaa, bei yake yeye haipandi sana. Alisema hivyo kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya ndugu yake. Nilimwambia hata hilo si thibitisho bado, maana mwisho wa mwaka una mambo mengine mengi, ila sasa ameuliza swali lenyewe.

Rekuru ilikataliwa. Aliondoka bila kuniaga, na kwa muda wote wa likizo nilinunua ndagala kwa muuzaji mwingine.

Katika marudio nilibadilisha nguo ya swali: nikaweka idadi ya makanisa katika kila mtaa na idadi ya wagonjwa wa kuhara. Uhusiano ulikuwa mkubwa tena. Wengine waliwashutumu wachungaji. Yeye aliandika kwamba viwili hivyo vinatembea pamoja, kwamba jedwali halionyeshi nani anamvuta nani, na kwamba kabla ya kufunga kanisa lolote ihesabiwe kwanza ni watu wangapi wanakaa katika kila mtaa, maana penye watu wengi kila kitu ni kingi. Nilimpa alama zote. Nilimpa na tabasamu, ingawa hilo haliandikwi kwenye karatasi.

Siku ya kutangaza matokeo nilimfuata uani nikiwa nimejaa fahari. Nilimpongeza, kisha nikashindwa kujizuia: nilisema amejionea mwenyewe, maelezo yangu ya ofisini ndiyo yaliyomvusha.

Aliweka mkono kiunoni. "Asistanti, ulinielezea, na minye nikafaulu. Hizo mbili ziko zinafuatana. Sasa ya tatu iko wapi?"

Akamvuta mbele binti yake, aliyekuwa amesimama nyuma yake. Msichana aliinamisha kichwa, akaeleza kwamba likizo nzima, mama akirudi kutoka sokoni, yeye binti alimfungia chumbani na mazoezi ya takwimu na hakumfungulia mpaka amalize. Nikamuuliza ni upendo gani huo.

"Haikuwa upendo," alisema binti. "Minye sikutaka kukaa naye benchi moja. Angekuwa ananikagua mbele ya watu."

Mama akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilicheka pia, kwa kuchelewa kidogo, na nikiri kwamba iliniuma. Profesa alikuwa anapita kuelekea gari lake, akanigonga bega na kuniuliza kama yule mama amefaulu kwa sababu ya mazoezi yangu. Nilimjibu kwamba data hazitoshi.