Mkono wa Verdiane

Madaktari Wazungu wa mifugo walipoondoka Masisi, huko Kongo, walimwachia Barthélemy, mchinjaji wa Nyamitaba, boti, aproni na mipira ya mikono. Kufikia mwaka wa 1964 ilibaki jozi moja tu ya mipira, na aliyeivaa ni yeye. Verdiane, mdogo wa mke wake, mjane aliyeosha matumbo ya ng'ombe, alifanya kazi mikono mitupu.

Asubuhi moja Athanase, mfugaji wa kule mlimani, aliwaita. Ng'ombe wake alikutwa amekufa malishoni, tumbo limefura, na jana yake alikula vizuri.

"Mumupasue mbio, nyama isiharibike," akasema.

Wakapasua. Damu ilitoka nyeusi, haikuganda. Wengu ulikuwa umevimba, umelegea kama matope. Barthélemy akarudi nyuma.

"Shemeji, acha! Hii iko kimeta. Dokta alitukataza kupasua ng'ombe wa namna hii. Enda unawe!"

Verdiane alikuwa amekwisha kuzamisha mikono, na juu ya kifundo cha mkono alikuwa na mkwaruzo wa kuni. Alinawa kwa sabuni na maji mengi mpaka viwikoni. Mzoga ulichomwa pamoja na ngozi, Athanase akinung'unika. Pale damu ilipomwagika, wakazungushia miiba ili mifugo isile majani yake.

Siku chache baadaye kipele kikamtoka pale kwenye mkwaruzo. Kiliwasha, kikawa lengelenge, kisha kidonda cheusi katikati kama kaa la moto lililozimika.

"Twende hospitali," Barthélemy akamwambia.

"Kwa kidonda kisichouma? Maharage yangu iko shambani, shemeji. Nani atayavuna?"

Naye hakumshurutisha. Mkono ulivimba mpaka bega, homa ikapanda, ndipo wanaume wakambeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi hospitali ya misheni. Njiani walizuiwa na askari kwenye kizuizi cha barabarani, wakangoja mvuani. Muuguzi alimpiga sindano ya penisilini, akatikisa kichwa.

"Dawa inaponya, Papa, lakini mapema. Sasa sumu iko katika damu."

Verdiane alikufa kesho yake.

Barthélemy akaomba mipira mingine kwa masista, akapewa jozi mbili. Tangu hapo kila aliyefika machinjioni alionyesha mikono kwanza, na mwenye jeraha alirudishwa nyumbani. Walinawa kabla ya kula, kabla ya kuvuta tumbaku, na tena baada ya kuvua mipira. Mnyama aliyekutwa amekufa hakuguswa.

Watu walimwona mwenye kiburi. Athanase alipofiwa na ng'ombe mwingine, Barthélemy alimsihi amchome bila kumpasua.

"Watoto wangu watakula majivu yako?" Athanase akamjibu, akashuka bondeni kutafuta mchinjaji mwingine.

Barthélemy alimfuata akipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini Athanase hakugeuka. Nyumbani, Annonciata, mke wake, alimwekea ugali mezani, akaenda kukaa nje. Tangu mazishi ya mdogo wake, hakula tena pamoja naye.