Injini Ilipochemka Ipogolo

Mwaka ule mafuta yalipanda bei na mvua ikagoma, benki kuu ikatutuma mimi na bosi wangu Mbeya na Iringa kuangalia hali ya biashara. Tulikuta bei zinapaa huku mashine za kusaga zimelala kwa kukosa dizeli.

Nikaandika kwenye ripoti: tukibana mikopo, bei zitapoa kidogo lakini wenye mashine watafunga na watu watakosa kazi; tukilegeza, fedha nyingi zitaifukuzia dizeli ileile haba, bei zizidi kupaa. Bosi akanifokea garini: “Mchumi gani wewe, huku umo na kule umo? Chagua moja!”

Nikavizia nafasi ya kumjibu. Tulipoanza kupanda Ipogolo kuingia Iringa mjini, Landrova ikachemka, ikawa inajikokota. Nikamuuliza kwa adabu zangu zote, “Mzee, dereva akanyage mafuta injini iungue, au aachie turudi bondeni?”

Akatazama mvuke, akatazama bonde. Tulisimama kando ya barabara kusubiri injini ipoe, ndipo akanung'unika, “Ripoti iache hivyohivyo. Ila ongeza kwamba mlima hatukuujenga sisi.”