Ifute, Usiifiche

Mume wangu ni fundi friji Temeke, na chaneli yake ya video za mafunzo mtandaoni ilikuwa ikimlipa tangu kabla hajanioa. Nilipoingia kwake nilizitazama video zote kwa macho ya mke mpya anayepekua kabati. Iliyokuwa imetazamwa kuliko zote ilihusu friji lililotobolewa kwa kisu. Watu wana haraka, samaki kibua kaganda, wanachomeka kisu kwenye barafu, gesi inatoka fyuu, kesho wanamtafuta fundi. Kwenye video ile mume wangu ananyoosha kidole kwenye tundu na kusema, "Hapa mtu aligombana na kibua." Nyuma ya simu, mwanamke anacheka.

Kilikuwa kicheko kizuri, nisiseme uongo. Cha mtu anayejua anapendwa. Nikamuuliza wifi yangu huyo ni nani.

"Si yule mchumba wake wa kwanza, wifi. Yeye ndo alikuwaga anamshikia simu. Kaolewa Kigamboni huko, usijali."

Nilijali. Chini ya video watu walikuwa wameandika kwamba wanampenda bure huyo dada anayecheka, na wengine waliuliza mbona siku hizi hasikiki. Aliyekuwepo siku hizi ni mimi, na hakuna aliyeniulizia. Halafu kila mwisho wa mwezi malipo yakiingia nanunua mchele, nakaa chini kula wali wa kicheko cha mwanamke mwenzangu. Nauacha nusu.

Jioni moja, tumekaa barazani, nikamwambia aifute ile video. Hakugomba. Alinieleza taratibu, kama anavyomweleza mteja kwa nini friji lake haligandishi.

"Hela iliyokwishapatikana hawairudishi," alisema. "Na waliojiunga hawatoki kwa ajili hiyo. Ila ile ndo inayoleta watu wapya, mke wangu. Wanaingia kwa ile, wanabaki kuangalia nyingine. Nikiifuta, watazamaji wake wote wanatolewa kwenye hesabu ya chaneli, maoni yanakwenda nayo, na hairudi. Hata nikiipandisha upya inaanza sifuri."

Akafikiri kidogo. "Basi niifiche. Naiweka ya siri, watu hawaioni, nikitaka naifungua tena."

"Hakuna atakayeiona hata mmoja?"

"Mie tu, mwenye akaunti."

Hapo ndipo damu iliponichemka. Afadhali Tanzania nzima ikisikilize kile kicheko kuliko yeye peke yake, kajifungia na simu, mlango kaurudisha. Nikamwambia ifute, usiifiche.

Akachukua simu. Kikatokea kisanduku cha kuthibitisha kwamba anaelewa kinachofutwa hakirudi tena. Akaweka tiki, akabonyeza. Nikamuuliza kama amebaki na nakala mahali popote.

"Sina. Ilirekodiwa kwa simu yake yeye."

Kwa hiyo yule mwanamke anayo. Nililala na hilo.

Mambo yakaenda kama alivyosema. Jumla ya watazamaji wa chaneli ikaporomoka. Malipo ya nyuma yakaja kamili, wala hayakuguswa, lakini ya mwezi uliofuata yakaja yamekonda. Waliojiunga walibaki, ila idadi yao iliyokuwa ikipanda kila siku ikagoma palepale. Mafundi waliokuwa wakitumiana linki kwenye magrupu wakawa wanakuta video haipatikani, wakapiga simu kuuliza kulikoni. Aliwajibu kwamba imefutika. Hakunitaja hata mara moja, na hilo lenyewe liliniudhi, maana mtu asiyekulaumu humjui anawaza nini. Wifi yangu, yeye alinilaumu wazi, akaniambia nimeufunga mlango wa duka nikiwa ndani. Nikamwambia duka ni langu.

Sikujuta. Nilipika dagaa bila kulalamika, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe nikaona nyumba ni yangu peke yangu.

Kisha mteja wa Mikocheni akaleta friji limetobolewa kwa kisu, tundu mahali palepale. Mume wangu akafurahi. Alisema tutengeneze video mpya ya kazi ileile, taratibu itapanda, na mimi nitamshikia simu. Niliipenda hiyo. Nikavaa dera jipya ingawa sitaonekana.

Alisafisha barafu, akafuta maji, akanyoosha kidole. "Hapa mtu aligombana na kibua," akasema.

Akainua macho. Hakuitazama simu wala hakunitazama mimi. Alitazama juu kidogo ya kichwa changu, usawa wa uso wa mtu mrefu kunizidi, na akatabasamu huku akisubiri.

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu zangu zote, mpaka simu ikatikisika mkononi.

Tabasamu likamtoka. Akainama kutafuta kitambaa chake.

"Turudie, mke wangu," akasema. "Safari hii usicheke."