Petroli Iliyochemka kwenye Mlima wa Rongo

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa Migori mwezi wa Januari, katika miaka ya sitini, wakati wa jua lile linaloyapasua matope ya mtoni. Mke wangu alipopata nguvu kidogo aliniambia neno moja tu: "Nenda ukamlete mama."

Mama yake alikaa Homa Bay, karibu na ziwa. Mimi ni Mkuria, yeye Mjaluo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, lugha ambayo hakuna kati yetu aliyenyonya nayo. Lakini hata tungekuwa na lugha moja tusingeongea sana. Kwa watu wetu, na kwa watu wake pia, mama mkwe na mkwe wake wa kiume wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Hamketi kiti kimoja. Hamli mkitazamana. Nilikuwa nimemwoa binti yake mwaka mzima na zaidi, na bado sikuwa na uhakika na sura yake, kwa sababu kila tulipokutana nilitazama miguu yangu.

Nilikuwa fundi wa magari. Nilikuwa na banda la mabati karibu na daraja la Migori, na pikapu ya petroli niliyoinunua ikiwa imelala kwenye nyasi. Injini nilikuwa nimeifungua yote na kuifunga upya. Bomba la petroli sikuligusa. Mwenye gari wa zamani alikuwa ameliweka jipya, na kwa kuwa halikuvuja, nilimshukuru nikaendelea na mengine.

Nilifika Homa Bay Ijumaa asubuhi. Mama mkwe alikuwa Msabato wa kweli. Kwake, jua likizama Ijumaa, Sabato imeingia, na safari ya gari na mizigo ingepaswa kuwa imekwisha. Lakini alikuwa na wa kuwaaga, na gunia la omena, dagaa wa ziwani, la kufungwa, na kuku wa kukamatwa. Tulipotoka, jua lilikuwa utosini.

"Mama, keti mbele," nilisema, nikiwa nimegeukia ukuta.

"Mbele na wewe?" alisema. Akapanda nyuma, akaketi juu ya gunia lake la omena, akafungua mwavuli.

Sokoni alipiga paa la gari kwa kiganja. Alikuwa ameona rafiki yake. Nilizima injini ili wasalimiane bila kelele. Salamu zilikuwa ndefu. Nilipobonyeza kitufe cha stata tena, injini ilizunguka na kuzunguka bila kushika, na harufu ya petroli ikajaa kwenye kabini.

Hilo nililijua. Injini ya moto ukiizima, feni inasimama, maji ya rejeta yanayoipoza yanasimama, lakini joto halisimami. Linapanda kutoka kwenye eksozi, bomba la moshi, hadi kwenye kabureta iliyo juu yake, inayochanganya petroli na hewa. Petroli iliyo ndani ya kabureta inachemka na kufurika, inamwagika kwenye njia ya hewa, na injini inakuwa na petroli nyingi kuliko inavyoweza kuchoma. Mtu asiyejua anavuta choki au anapigapiga pedali ya mafuta, na anazidi kuizamisha. Nilikanyaga mafuta hadi chini nikashikilia hapo, ili hewa nyingi iingie, nikabonyeza stata. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikawaka. Wanawake wa sokoni walishangilia. Mimi pia nilijiona mtu.

Tukaanza kuupanda mlima kuelekea Rongo. Barabara ilikuwa ya murram, changarawe nyekundu, na mbele yetu kulikuwa na mkokoteni wa ng'ombe uliobeba mawe, na hapakuwa na nafasi ya kuupita. Upepo ulitoka nyuma yetu, wa kasi yetu hasa, kwa hiyo chini ya boneti hewa haikusogea. Nilikwenda kwa gia ya kwanza, injini ikiunguruma, gari likitambaa. Tulipoupita mkokoteni hatimaye, nilikanyaga mafuta, na gari likashtuka kama mtu aliyepaliwa. Likashika. Likashtuka tena. Kisha likafa.

Niliweka jiwe nyuma ya gurudumu. Nilifungua kifuniko cha tangi kwanza, maana kikiziba, tangi haliwezi kuvuta hewa na petroli haitoki. Kilikuwa sawa, na petroli ilikuwepo. Nikafungua bomba linaloingia kwenye kabureta, nikaliingiza kwenye kopo, mbali na eksozi. Sasa nilihitaji mtu wa kubonyeza stata huku mimi nikitazama kopo.

Barabarani hapakuwa na mtu. Mwenye mkokoteni alitupita polepole, akatupa pole, akaenda zake.

"Mama," nilisema. "Naomba uingie mbele. Kwenye kiti changu."

Nikasikia mwavuli ukifungwa.

Aliingia akaketi kwenye kiti cha dereva, akashika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari lingeondoka naye. Nilimwonyesha kitufe kwa kidole, kutoka nje ya dirisha.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Injini ikazunguka. Kwenye kopo lilitoka tone, kisha povu, kisha pumzi tupu.

"Acha. Asante, mama."

"Petroli imeisha?"

"Ipo. Inachemka."

"Inachemka na hakuna moto?"

"Moto upo, lakini ni wa injini. Hii hapa ni pampu." Nilimwonyesha, imefungwa ubavuni mwa injini, ya moto kiasi cha kutogusika. "Inavuta petroli kutoka tangi la nyuma. Petroli haihitaji joto kama la maji ili ichemke. Na inapovutwa inachemka upesi zaidi, kwa sababu mgandamizo ndani ya bomba unashuka. Inageuka mvuke. Pampu inajua kusukuma kitu cha majimaji. Ikipata mvuke, inaubana na kuuachia, inaubana na kuuachia, na hakuna kinachofika mbele."

Alitoka, akainama chini ya gari zaidi ya nilivyotarajia kwa mtu wa umri wake. Akanyoosha kidole bila kugusa.

"Na hiki chuma kinachopita hapa?"

Nikainama upande wa pili. Bomba la petroli lilikuwa limelala sambamba na eksozi, karibu kugusana, kuanzia katikati ya gari hadi kwenye pampu. Petroli ilikuwa inapikwa njiani kabla haijafika. Nilicheka. Naye akacheka, na kwa bahati mbaya tukatazamana chini ya gari, uso kwa uso. Ana mwanya, kama mke wangu. Sote wawili tukaondoa macho haraka.

Kulisogeza bomba lile kulihitaji vifaa vilivyokuwa bandani kwangu. Pale mlimani nilichoweza ni kulipoza. Maji nilikuwa nayo, debe la rejeta. Kitambaa sikuwa nacho. Matambara yangu yote yalikuwa yameloa oili, na kitambaa cha oili karibu na eksozi ni kuomba moto.

"Mwaga maji tu," alisema.

"Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupasuka. Nataka kitambaa chenye unyevu, kizunguke pampu na bomba. Maji yakikauka yanaondoka na joto."

Alitazama jua. Lilikuwa limeanza kuelekea ziwani. Kisha akanipa mgongo, na nikasikia fundo likifunguliwa. Mkono wake ulinijia kutoka nyuma, umeshika kitambaa chake cha kichwa, cheupe, cha kanisani.

Mwanamke kama yeye kufungua kichwa mbele ya mkwe wake! Nilikipokea kwa mikono miwili, nikiwa nimefumba macho.

"Mama, kitaharibika."

"Kwani kinamwona mjukuu?" alisema. "Kazi yake ni kunifikisha."

Nilikirarua vipande viwili, nikaviloweka na kuvikamua, nikafunga kimoja kwenye pampu na kingine kwenye bomba, mbali na eksozi. Mvuke ukapanda. Boneti ikabaki wazi. Alijifunika kichwani leso aliyokuwa amejifunga kiunoni, tukasubiri upande wa kivuli wa gari, yeye kwenye gurudumu la mbele, mimi kwenye la nyuma. Hapo ndipo aliponisimulia kwamba siku mke wangu alipozaliwa mvua ilikuwa kubwa, na mkunga alivushwa mto mgongoni mwa mtu. "Na wewe unaletwa na jua," alisema, kana kwamba tumekubaliana muda mrefu kwamba mimi pia ni wa hadithi hiyo.

Pampu ilipogusika kwa mkono, nilirudisha bomba, nikambonyezesha stata tena. Mara hii petroli ilifika. Injini ilipowaka alipiga kelele ya furaha, akaziba mdomo.

Hakurudi nyuma. Alisema kitambaa kitakauka, na mtu wa kukiloweka lazima awe karibu na debe. Akaketi mbele, debe katikati ya miguu, amejibana mlangoni kabisa, na kati yetu akaweka kuku kuwa mpaka. Kila mara gari lilipoanza kushtuka alisema, "Inachemka," kabla yangu, na nilisimama pembeni bila kuzima injini, akashuka na kopo la maji, nikakiloweka kitambaa, tukaendelea. Baada ya Rongo jua lilipoa. Tulipopita Awendo hatukusimama tena.

Tuliingia Migori jua likigusa mabati. Mke wangu alitoka na mtoto, akamwona mama yake akishuka kutoka kiti cha mbele, amejifunga leso kichwani, ananuka petroli.

"Mama! Umepatwa na nini?"

"Hatukupatwa na kitu," alisema. "Petroli ilichemka." Akanawa mikono, akampokea mtoto, na Sabato ikaingia akiwa ameketi.

Jumapili nililisogeza bomba, nikalipitisha upande wa pili wa gari, nikaweka bati kati ya eksozi na kabureta kuzuia joto. Mwisho wa mwezi nilimrudisha Homa Bay. Gari lilikwenda vizuri, hata jua lilipokuwa kali. Tulipofika kwenye ule mteremko tulipokuwa tumekwama alinyoosha mkono.

"Simama. Lipumzike."

"Mama, halina shida tena. Na tukizima ndipo joto litapanda kwenye kabureta."

"Basi usizime."

Nilisimama. Injini ikanguruma taratibu, feni ikivuma. Alitoa ndizi mbili kwenye mkoba, akaniwekea moja juu ya dashibodi bila kunitazama. Kisha akageukia dirisha lake, mimi nikageukia langu, tukala.