Tatizo Ni Donge, Si Mimi

Mimi ni Mektrida wa Kilema. Shule niliacha darasa la pili, herufi nazisoma moja moja kama mtu anayechambua mchele. Lakini nimewapikia wazazi kumi na wanne waliotoka kujifungua mtori wa uzazi, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na hakuna aliyewahi kukuta donge.

Binti yangu Priska ana duka la vyombo vya umeme Majengo. Alijaza blenda za mkono, zile za kuzamisha kwenye sufuria, akingoja watu warudi kwetu mlimani kula Krismasi. Akamwita Praygod mwenye kamera amtengenezee tangazo la sekunde thelathini. Mimi nikaitwa kupika.

Praygod akasoma alichoandika: "Bibi anahangaika na mwiko. Hajui mambo ya kisasa. Analetewa blenda, anacheka. Mtori laini. Karibu dukani."

"Nani hajui?"

"Bibi, ni tangazo tu. Lazima lianze na tatizo."

"Tatizo ni donge. Si mimi."

"Mama, nakuomba," Priska akasema. "Zikibaki mpaka Januari nimekwisha."

Nilimsikia. Lakini Kilema nzima ingenitazama nikiwa mjinga kwenye simu zao. Nikavua aproni.

"Andika nitakavyosema, au tafuta bibi mwingine."

Basi Praygod akataka angalau tukate picha katikati, tuweke sufuria ya pili yenye mtori uliokwisha kulainishwa.

"Na mteja utampelekea sufuria ya pili nyumbani?"

Priska akacheka. Praygod akachukua kalamu.

Nikatoa nyama na mifupa mbele ya kamera, maana mfupa unavunja kisu cha blenda. Zikabaki ndizi mchare zilizochemshwa mpaka zikalainika, na supu. Nikazamisha blenda mpaka chini, ndipo nikabonyeza. Ukiwasha juu juu supu inakurukia usoni. Nikapandisha na kushusha. Nikachota mtori kwa upawa, nikaumimina taratibu. Donge hakuna.

Praygod akatazama saa. "Sekunde arobaini na moja. Tutoe lile la mifupa."

"Lile halitoki. Toa ile 'habari zenu watazamaji wapendwa' uliyoiweka mwanzoni. Toa na 'mashine bora ya kisasa'. Ubora si wameuona?"

Tukarudia. Ikawa hivi, thelathini kamili:

"Mzazi anangoja mtori, wewe bado unafukuza donge? Tazama. Toa nyama na mifupa. Zamisha, kisha washa. Ndizi zangu hizi, sufuria yangu hii, sijabadilisha. Umeona? Hujaniamini? Leta sufuria yako duka la Priska, Majengo, ujaribu kabla hujanunua. Ukinunua kabla ya Krismasi, unapewa jagi la kupimia bure."

"La kujaribu umeliongeza mwenyewe!" Priska akashtuka. "Wakija na masufuria yao je?"

"Ndiyo maana nimesema."

Jumamosi, tangazo likiwa limeshazunguka kwenye simu, mama mmoja akaingia dukani na sufuria kichwani, kaifunika kwa jani la mgomba.

"Shikamoo. Yuko wapi yule bibi mkali wa kwenye simu?"

"Marahaba. Ndiye mimi. Mifupa umetoa?"

Nyuma yake, mlangoni, walikuwa wengine watatu na masufuria yao.