Kiongozi Aliyefunga Kitabu

"Juu ya nini kitabu kinaanza na mazishi?" aliuliza mama mmoja, fundi cherehani, katika kikundi chetu cha wasomaji, hapa Kamembe. Hiyo ilikuwa riwaya yake ya kwanza kusoma, na siku hiyo kiongozi alikuwa anampima kama anafaa kubaki nasi.

"Papa, mimi napanga vile mambo ilifuatana," fundi akamwambia kiongozi, akihesabu kwa vidole. "Harusi, ugomvi, bwana anazama mtoni, mazishi."

"Umekosa, Maman. Mazishi ndiyo ya kwanza. Na bibi yake ndiye alimuua bwana."

"Ukurasa gani unasema?"

Kiongozi akafunga kitabu. "Kila muntu anajua. Wewe bado."

Akamtoa. Nachemka mpaka leo. Fundi alisimulia hadithi, yaani matukio kwa mfuatano wa wakati, na hakukosea. Mwandishi kutanguliza mazishi, ili harusini tulitilie shaka kila tabasamu la bibi, huo ni msuko, yaani mpangilio aliouchagua mwandishi. "Bibi alimuua" ni tafsiri ya msomaji. Inaruhusiwa, lakini idaiwe ushahidi wa maandishi, na fundi ndiye pekee aliyeudai.

Ndugu kiongozi, tafadhali mrudishe kikundini.